Mtu Asiyekuwepo Kikaoni

Kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, mazungumzo ya bei kati ya Mswahili na Mchina yanaweza kuisha bila mtu kufungua mdomo. Muuzaji anabonyeza kikokotoo na kukigeuza, mnunuzi anafuta na kuandika yake, kikokotoo kinarudi, na baada ya muda mfupi mzigo unafungwa kamba. Hakuna chai, hakuna salamu ndefu, wala hakuna anayenuna. Nimeona mfanyabiashara wa Kikinga wa Mtaa wa Kongo na bosi wa Kichina aliyeshuka na ndege wiki hiyo hiyo wakikubaliana mzigo wa mamilioni kwa namna hiyo, kisha kila mmoja akaendelea na shughuli zake. Wanaosema namba haina kabila, kwa mzigo ulio mbele ya macho na hela iliyo mkononi, wanasema kweli.

Kazi inaanza pale makubaliano yanapohitaji kesho. Kupanga stoo kwa miaka mitatu, kukopeshana mali, kuingia ubia wa kujenga ghorofa kwenye kiwanja cha urithi: hapo namba peke yake haitoshi, kwa sababu kila upande unataka kujua huyu mwenzangu mambo yakiharibika nitampata wapi na nitamdai nani. Na kila upande una njia yake ya kulitafuta jibu hilo. Mmoja anauliza kwa maneno makavu na karatasi, mwingine anauliza kwa salamu na kwa kukaa kimya.

Mimi ni mzaliwa wa Magomeni Mapipa. Kichina nilikianza kwenye Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikakikomaza Guangzhou nikiwatembeza wafanyabiashara wetu viwandani, na tangu niliporudi nimekuwa nikifanya ukalimani kwenye mazungumzo ya aina hii. Katika yote niliyoyakalimani, liko moja ambalo limenifundisha zaidi kuliko mengine, nalo lilifanyika mitaa michache tu kutoka nyumbani kwetu.

Mwaka 2022, mama mmoja wa Kichina mwenye duka la vyombo vya plastiki Kariakoo alikuwa anatafuta stoo. Kariakoo kwenyewe pango lilikuwa limempanda kichwani, na kwa fremu nyingine pale hulipi kodi tu, unampa na mpangaji anayetoka kilemba chake. Magomeni ni ng'ambo ya bonde la Jangwani. Kirikuu inapakia asubuhi, inashusha dukani kabla maduka hayajachangamka, inarudi kuchukua mzigo wa pili. Dalali akampeleka kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, uani kuna banda kubwa la bati. Alichokitaka ni vyumba vitatu vya upande mmoja pamoja na lile banda. Baba mwenye nyumba alishafariki, warithi walikuwa watano, na msimamizi wa mirathi alikuwa kaka yao mkubwa, mzee wa makamo aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968.

Kikao cha kwanza kilikuwa baada ya swala ya magharibi, ukumbini, mkeka umetandikwa na viti viwili vya plastiki vimewekwa kwa ajili ya wageni. Kahawa ikaja na kashata. Yule mama akashukuru, akatoa chupa yake ya maji ya moto, akanywa hayo, kahawa ikabaki mezani inapoa. Mzee akamuuliza habari za safari, habari za biashara, kwao ni mkoa gani, wazazi wake wako hai, ana watoto wangapi, wako wapi. Alijibu kwa kifupi: Yiwu, mkoa wa Zhejiang, mama yuko hai, mtoto mmoja. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kichina, muulize bei ya mwisho ni ngapi, na mwambie nyumba ni ya zamani na bati limechoka.

Hapo mkalimani ana sekunde chache za kuamua. Kwa yule mama, kuitia kasoro mali ni hatua ya kawaida ya kupatana. Kwenye soko la Yiwu kila mnunuzi anaanza hivyo, na muuzaji anajua kwamba mtu anayekosoa ndiye anayetaka kununua. Hata Kariakoo tunafanya hivyo kwa shati au sufuria. Lakini ile ilikuwa nyumba ambayo baba yao aliijenga na kufia ndani yake, na mwanawe amekaa hapo hapo anasikiliza. Nikasema, anauliza bei, na anauliza kama bati linavuja mvua zikija. Msimamo wangu katika hili ni mmoja: namba siigusi, tarehe siigusi, "hapana" ya mtu siigeuzi kuwa "labda". Hukumu juu ya nyumba ya mtu naweza kuigeuza kuwa swali, kwa sababu lengo lake linabaki lile lile na mazungumzo yanabaki hai. Wakalimani wengine hawakubaliani nami, wanasema kila neno lipite kama lilivyo. Mimi nimeona mengi yakivunjika kwa neno moja la namna hiyo, na mvunjaji hakujua mpaka leo amevunja nini.

Mzee alitaja shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na kodi ya mwaka mzima mkononi, yaani 14,400,000. Yule mama akaandika 700,000 kwenye simu yake na kuionyesha, akasema atalipa kila baada ya miezi mitatu. Mzee akaitazama ile namba, akanyamaza. Yule mama naye akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu, na naona kina thamani kuliko yote yaliyosemwa jioni ile. Kila mmoja alikuwa anakitumia kimya kwa namna yake, akidhani mwenzake anakitumia vile vile. Yule mama alikuwa anasubiri bei ishuke: kwao ukishataja namba, anayezungumza kwanza ndiye anayepunguza. Mzee kwa upande wake hakuwa kwenye bei kabisa. Alikuwa ametajiwa namba iliyo karibu nusu ya aliyoitaka, mbele ya ndugu zake, na heshima yake ilimtaka asijibu kwa haraka wala kwa hasira. Alikuwa anatoa nafasi ili mtu mwingine wa upande wake aseme kitu. Dada yake, ambaye nilikuwa namwita shangazi kwa sababu alisoma na baba yangu, alikuwa ameinama anachambua mchele kwenye ungo, wala hakusema kitu.

Aliyesema ni dalali. Malipo ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja, na kila siku inayopita bila mkataba ni siku ambayo mteja anaweza kuonyeshwa nyumba nyingine na dalali mwingine. Akamwambia yule mama kwa Kiswahili chepesi, "Bosi, wamekubali, bado kidogo tu." Mzee akasema, "Tutaangalia." Tukaagana. Kwenye bajaji yule mama akaniambia, vizuri, kesho nilete hela ya miezi mitatu. Nikamwambia hakuna lililokubaliwa. Akaniuliza, basi wamekataa? Nikamwambia hawajakataa pia. Akakunja uso, na sikumlaumu, maana alikuwa na makontena mawili baharini. Kontena likishushwa bandarini Dar es Salaam linapewa siku chache za bure, zikipita unaanza kulipia eneo kila siku, na kampuni ya meli nayo inadai ya kwake. Watu wa mtaani walikuwa wakisema yule mama ana pupa na hana adabu. Kumbe alikuwa anahesabu siku za bandari, ila hakuona sababu ya kuwaeleza wenye nyumba shida zake, kwa kuwa kwenye biashara alivyofundishwa, ukimwonyesha mwenzako kwamba huna muda, umempa kisu.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu kumjulia hali shangazi. Hatukuzungumza habari ya nyumba hata kidogo mpaka niliponyanyuka kuondoka. Alinisindikiza kuelekea Barabara ya Morogoro, na tulipofika karibu na kituo cha mwendokasi akasema, "Mwanangu, mwambie huyo mama asituharakishe. Mwenye bati hajasema."

Mwenye bati alikuwa dada yao wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Muscat. Bati lote la banda la uani na nusu ya bati la nyumba lilikuwa jasho lake, miaka miwili akituma fedha. Kisheria msimamizi wa mirathi alikuwa kaka mkubwa, na barua ya Mahakama ya Mwanzo Magomeni ilikuwa na jina lake. Lakini msimamizi anayepangisha mali ya urithi bila wenzake kuridhia hurudishwa mahakama ile ile na ndugu zake, na hapa palikuwa na zaidi ya sheria. Mzee hakuweza kukubali lolote kuhusu lile banda kabla mdogo wake hajatamka. Na hangeweza kumwambia mgeni, tena mwanamke, tena mbele ya dalali, kwamba yeye mkubwa wa nyumba anasubiri ruhusa ya mdogo wake. Kwa hiyo alinyamaza, kisha akasema tutaangalia. Halikuwa jibu la kukwepa. Kwa kadiri alivyoweza kusema ukweli bila kujivunjia heshima, aliusema.

Nikaenda Kariakoo kumweleza yule mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema katika muda wote tuliofahamiana. Mtaji haukuwa wake. Ulikuwa wa kaka yake aliyeko Yiwu, mwenye kibanda cha jumla kule, naye ndiye aliyesema asivuke 700,000 bila kumuuliza. Na jioni ile ya kikao, alipokuwa ameshika simu akiitazama kila mara, hakuwa anadharau mazungumzo. Alikuwa amemwandikia kaka yake ujumbe, na kaka yake hakujibu, kwa sababu saa moja jioni ya Magomeni ni saa sita usiku ya China.

Basi pale ukumbini walikuwa wamekaa watu wawili wasio na uwezo wa kukata neno, kila mmoja akimlinda mkubwa au mdogo wake asiyekuwepo, na kila mmoja akimwona mwenzake ni mkaidi.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Edward Hall, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, alizitenga jamii ambazo maana ya maneno imo kwenye maneno yenyewe na jamii ambazo sehemu kubwa ya maana imo kwenye mazingira: nani kasema, mbele ya nani, baada ya nini. Wachina aliwaweka kundi hilo la pili, na waliomfuata wamezoea kutuweka na sisi humo humo. Wanafunzi wa biashara wanafundishwa mgawanyo huo mpaka leo, na una faida yake ukimweleza Mjerumani kwa nini hajajibiwa barua. Kwa yule mama na yule mzee ulikuwa haufai kitu. Wote wawili ni watu wa maana ya ndani, wote wanalinda heshima, wote hawapendi kutamka "hapana". Kitabuni wangetakiwa kuelewana upesi. Lakini mazingira yenye kubeba maana hayakuwa ya pamoja. Mtu wa Yiwu na mwenzake wa Yiwu wanajua nini kimenyamaziwa, na mtu wa Magomeni na mwenzake wa Magomeni wanajua pia. Ukiwakutanisha hawa wawili, kila mmoja anasoma kimya cha mwenzake kwa kamusi ya kwao. Kwa uzoefu wangu ni rahisi zaidi kukalimani kati ya mzee wa Mapipa na Mholanzi, kwa sababu Mholanzi asipoelewa anauliza.

Nikashauri kikao kihamishiwe Ijumaa saa nne asubuhi. Muscat Ijumaa ni siku ya mapumziko, dada yuko na simu yake, na kule ni saa tano. Yiwu ni saa tisa alasiri, kaka yuko kibandani na yuko macho. Na kwa kuwa wanaume wa nyumba ile walikuwa lazima watoke kwenda swala ya Ijumaa, kikao kilikuwa na mwisho wake wa asili bila mtu kumharakisha mtu. Sikumwambia mzee kwamba najua anamsubiri nani. Nilimwambia tu kwamba mgeni angependa kumsalimia ndugu yao wa Muscat, akiwa na nafasi. Akasema ni jambo jema.

Yule mama alikuja na karatasi zake zote: leseni ya biashara, kibali cha ukaazi, nakala ya pasipoti. Nilimweleza kwamba maswali ya mzee kuhusu wazazi na watoto yalikuwa ndiyo ukaguzi wake, kwamba anatafuta wa kumwendea siku mpangaji akifunga duka na kupotea. Kwa hiyo mara hii alijibu kwa kirefu. Akamwonyesha picha ya mama yake, akasema kaka yake ndiye mkubwa wa biashara, na kama kuna jambo lolote namba yake ni hii. Mzee aliiandika ile namba kwenye daftari la shule, na hapo nikajua tumeshavuka mto. Yule mama naye alitaka kuona hati ya kiwanja na barua ya usimamizi wa mirathi, jambo ambalo lingeweza kusomwa kama dharau, mtu kuombwa karatasi ndani ya nyumba ya baba yake. Nilitangulia kueleza kwamba kwao hakuna anayepanga bila kuona karatasi, hata kwa ndugu. Shangazi akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki.

Kisha bei. Dada wa Muscat akawekwa kwenye spika, kaka wa Yiwu akawa anaandika kwa WeChat. Ilikwenda milioni moja na laki moja, laki nane na nusu, na ikatua 950,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. Kila mtu akatabasamu. Nikauliza swali ambalo ni lazima liulizwe na ambalo karibu kila mara husahaulika: hiyo ni kabla ya kodi ya zuio au baada yake? Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, na kinachobaki ndicho anachompa mwenye nyumba. Familia ilikuwa inahesabu 5,700,000 mkononi. Yule mama alikuwa anahesabu kuwapa 5,130,000. Tofauti ya 570,000 ingejitokeza siku ya malipo, na siku hiyo hakuna ambaye angeamini kwamba hakuibiwa.

Kimya kingine. Mara hii dalali alifungua mdomo na mimi nikamshika mkono. Yule mama alimwandikia kaka yake, mzee akainamia simu ya dada yake, na sisi wengine tukasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, kwa sababu anayekaa katikati ndiye anayeumizwa zaidi na kimya; wenye kimya chao wako kazini. Ikarudi milioni moja kamili. Miezi sita 6,000,000, ya TRA 600,000, mkononi 5,400,000. Matengenezo madogo ya mpangaji, bati la mwenye nyumba. Mkataba wa miaka mitatu kuanzia mwanzo wa Oktoba 2022, ukaandikwa kwa Kiswahili na Kichina, na warithi wote waliokuwepo wakasaini. Wa Muscat alituma sauti ya kuridhia ambayo mzee aliniomba niihifadhi na mimi.

Watu huniuliza utajuaje kama "tutaangalia" ya Magomeni ni ndiyo inayochelewa au ni hapana yenye adabu. Mimi naangalia mambo mawili. Kwanza, kama baada ya kusema hivyo wanaendelea kukuuliza habari zako. Aliyekataa hana haja ya kukujua, atakuwa mkarimu sana na hatakuuliza kitu. Pili, kusindikizwa. Ukiagwa mlangoni ukaambiwa karibu tena, jambo limelala. Ukisindikizwa mpaka barabarani, nenda polepole, usiweke simu sikioni, maana lile ambalo halikuweza kusemwa mbele ya watu linakuja njiani, na mara nyingi haliletwi na mkubwa bali na dada yake, mkewe au kijana wa nyumba. Kwa upande wa Wachina niliofanya nao kazi, nasikiliza maswali madogo. Anayekubali haraka bila kuuliza luku inasomekaje na kirikuu inageuzia wapi, huyo bado anazunguka. Yule mama tangu siku ya kwanza alikuwa ameuliza kama Jangwani pakijaa maji barabara hufungwa siku ngapi. Aliyeuliza hivyo alikuwa ameshaanza kukaa pale moyoni mwake.

Na hiyo habari kwamba Wachina ni watu wa namba tu, nimeshaona kinyume chake Foshan. Niliwahi kumpeleka mfanyabiashara wetu kwenye kiwanda cha vigae, mtu mwepesi aliyezoea kumaliza mambo yake kwa kikokotoo. Mwenye kiwanda alimkalisha mbele ya meza ya chai, akawa anammiminia vikombe vidogo asubuhi nzima, anamuuliza kuhusu bahari, kuhusu watoto, kuhusu majengo ya Dar es Salaam. Mwenzetu akaninong'oneza kwamba huyu mtu hayuko makini. Alikuwa makini kabisa. Malipo ya kawaida kule ni asilimia 30 unapoagiza na 70 kabla mzigo haujapakiwa, na mwenye kiwanda alikuwa anapima kama mtu huyu, akishatoa ile 30 na vigae vikishachomwa kwa rangi aliyoichagua yeye, atarudi na 70. Vigae vya rangi ya mtu mmoja havina mnunuzi wa pili. Mchina wa fremu anakwenda moja kwa moja kwenye bei kwa sababu hana cha kupoteza ukiondoka. Mchina wa kiwanda anakunywa chai na wewe kwa sababu anacho. Na sisi ndivyo tulivyo. Yule yule mzee wa Mapipa, akinunua samaki Feri, hana salamu za dakika kumi.

Mwaka 2024 mkataba ulitikisika. Mzee aliugua, akatakiwa kufanyiwa upasuaji, na shangazi akaenda dukani Kariakoo kuomba kodi ya miezi miwili kabla ya wakati. Yule mama alimjibu pale pale, mbele ya vijana wa duka, kwamba haiwezekani, mkataba unasema Oktoba. Shangazi aliondoka bila kusema neno, na jioni nikapigiwa simu. Nilipomsikiliza vizuri, kilichomuuma hakikuwa kunyimwa. Alikuwa ametarajia angalau aulizwe, mgonjwa anaendeleaje. Yule mama naye alikuwa na hoja: mara mbili ameshawahi kuona wapangaji wenzake wakidaiwa kodi mapema kila palipotokea shida kwenye nyumba, mpaka mkataba ukawa hauna maana, na alitaka mpaka ujulikane.

Nilimshauri asitoe alichoombwa, wala asikatae. Alikwenda hospitali kumwona mzee, akakaa, akatoa 1,000,000 na kuandika kwenye karatasi kwamba ni sehemu ya kodi ya Oktoba, shangazi akasaini. Wiki iliyofuata akaomba la kwake: kontena likitoka bandarini usiku, vijana wake waruhusiwe kushusha mzigo mpaka saa nne, na siku za Jumapili pia. Wapo watakaosema kwamba kuomba malipo ya wema ni kuuharibu wema. Shangazi hakuona hivyo hata kidogo. Alisema sasa huyu amekuwa mtu wa hapa, anaomba na kuombwa. Ujirani wa Magomeni una daftari lake, nani alileta sukari kwenye msiba wa nani linakumbukwa miaka ishirini. Ila daftari hilo halisomwi kwa sauti, na linafungwa kwa kukopeshana tena, si kwa kulipana na kumalizana.

Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ya jumla na rejareja ikiwa mojawapo, huku wenye leseni wakiachwa waendelee mpaka leseni zao ziishe muda. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelia kwa muda mrefu kwamba wageni wameshuka mpaka kwenye biashara za wenyeji, na nilikuwa naelewa kilio chao. Leseni ya yule mama ilikuwa inaishia Desemba. Mkataba wa stoo ulikuwa unaisha mwishoni mwa Septemba. Alihitaji miezi mitatu ya kuuza mali iliyobaki.

Kikao kilikuwa Ijumaa saa nne, bila mtu kupanga upya. Dalali hakuwepo. Yule mama alianza kwa shikamoo na kuuliza mshono wa mzee. Shangazi ndiye aliyekwenda moja kwa moja: "Tuna mtu wa milioni moja na laki tatu, anataka aingie Oktoba." Yule mama akaandika milioni moja. Pakawa kimya, simu zote mbili ziko wazi mezani, na hakuna aliyemwambia mwenzake aseme haraka. Dada wa Muscat ndiye aliyemaliza: milioni moja na laki moja, miezi yote mitatu ilipwe mara moja, na zile shelfu za chuma alizozichomelea bandani asizibebe. Kaka wa Yiwu aliandika kwamba shelfu nne azichukue, nane zibaki. Wakakubaliana hapo. Ilikuwa 3,300,000, TRA wakapelekewa 330,000, familia ikapokea 2,970,000, na mpangaji mpya alipokuja kutazama stoo, shangazi alimwambia bei imepanda kwa sababu sasa ina shelfu.